Upande wa Nyuma wa Karatasi ya Maharagi

Nilisimama mtoto akiwa bado kwenye titi. Sikuwa nimepanga kusimama. Prezida wa kikundi chetu alikuwa amemaliza kusoma karatasi yangu ya soko mbele ya watu ishirini na wawili, akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya mfuko wa koti, akasema, "Basi, njo mwisho. Tushike maharagi yetu, Mungu iko na sisi."

Haikuwa mwisho. Ile karatasi niliiandika mimi, kwa mkono wangu, na ilikuwa na pande mbili.

"Papa Prezida," nikasema, "geuza karatasi."

"Mama, kaa kwanza. Mutoto ananyonya."

"Mutoto anajua kunyonya hata nikisimama. Geuza karatasi, usome nyuma."

Mtu mmoja kwenye benchi la nyuma akacheka kidogo. Prezida hakucheka. "Nyuma hakuna kitu ya maana," akasema. "Ni hesabu tu."

Hesabu tu. Nilikuwa nimezitafuta zile hesabu nikiwa na mtoto wa mwezi mmoja magotini, mshono unauma, maji ya kuoga yamepoa pembeni, na mume wangu amesimama mlangoni ananitajia bei moja moja kama mwalimu anayemsomea mwanafunzi imla. Nilivuka katikati ya duara, nikaingiza mkono ndani ya mfuko wa koti la Prezida, nikaitoa karatasi.

Najua jinsi inavyosikika. Mwanamke wa umri wa mkaza mwana wake, mkono ndani ya mfuko wa mwanaume wa umri wa baba mkwe. Nyamitaba nzima iliongea juu ya ule mfuko kwa majuma mawili. Juu ya maharagi walinyamaza. Sijaomba msamaha kwa ajili ya mfuko na siombi hapa.

Lakini nieleze karatasi ilikuwa nini, maana wengine watasema mwanamke aligombana kwa sababu ya karatasi.

Sisi ni kikundi cha akiba. Tunakutana kila siku ya kwanza ya juma ndani ya kanisa, baada ya watu wa kwaya kutoka. Kila mmoja ananunua hisa zake, moja ao tano, pesa inaingia ndani ya sanduku lenye kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa watu watatu tofauti. Mwezi wa kwanza, mavuno yalipotoka na maharagi yakawa rahisi, tulikubaliana wote tununue magunia kwa pesa ya sanduku, tuyaweke depo, ghala yenye kufuli tatu vilevile, nyuma ya kanisa, tuyauze watu wanapoanza kutafuta mbegu. Kopo moja tulilinunua franka elfu moja na mia tano. Swali lilikuwa moja tu: tutauza lini?

Msimu uliopita swali hilo lilijibiwa na yule mwenye sauti kubwa. Mtu alipiga kelele kwamba bei inaanguka, tukauza siku hiyo hiyo, na juma lililofuata bei ikapanda tukabaki tunaitazama. Mimi nilisoma section ya komersiale, nikapata diplome, nikaolewa, na tangu siku ya arusi hakuna mtu aliyeniuliza nilisoma nini. Nilikuwa na kaye moja tupu, daftari la shule. Nikaanza kuandika bei ya soko la Kirolirwe kila juma. Mume wangu anachunga ng'ombe za wengine kule chini, kwa hiyo alikuwa ananipandishia bei.

Baada ya miezi kadhaa niliona kitu ambacho kila mama muuzaji anakijua mwilini bila kukiandika. Bei ikishuka mpaka karibu elfu mbili, inasimama. Kwa nini? Kwa sababu kwa elfu mbili wenye maharagi wanakasirika, wanafunga magunia yao, wanarudi nayo nyumbani, wanasema afadhali tuyale. Yanapungua sokoni, bei inapanda tena. Na ikipanda mpaka elfu mbili na mia sita, inachoka. Wenye kamio, malori makubwa ya Goma, wanapiga hesabu ya mafuta na ya ushuru wa bariyeri zote za njiani, wanaona hakuna faida inayobaki, wanageukia mahindi. Chini nikapaita sakafu, juu nikapaita plafo, yaani dari, sababu kila mtu aliyekuwa mle kanisani aliweza kuinua macho akaona plafo, na aliweza kukanyaga sakafu. Hata bibi asiyejua kusoma alielewa mara moja.

Niliweka na sheria mbili. Ya kwanza: bei inayohesabika ni ile ya saa kumi, soko linapofunga. Bei ya asubuhi ni ya kujaribiana. Ya pili: soko moja peke yake halithibitishi kitu. Bei ikifunga juu ya plafo ao chini ya sakafu masoko mawili yanayofuatana, hapo tunaamini.

Karatasi ya kila juma ilikuwa hivi. Mbele: bei ya kufunga, sakafu elfu mbili, plafo elfu mbili na mia sita, kisha njia ya kwanza. Kamio zikipanda na bei ikifunga juu ya plafo mara mbili, tunashika, tunangojea elfu mbili na mia tisa, na kuanzia hapo ile plafo inageuka sakafu mpya: bei ikirudi chini yake, tunauza bila kubishana. Nyuma: njia ya pili. Kamio zisipopanda na bei ikafunga chini ya sakafu mara mbili, tunauza nusu juma hilo hilo kwa wanunuzi wadogo wa Kirolirwe, nusu tunaibakiza kwa ajili ya mbegu. Bei ikirudi juu ya elfu mbili kabla ya soko la pili kufunga, njia hii imekufa, hatuuzi.

Sikuandika kwamba najua itakuwa njia gani. Kama ningejua ningekuwa tajiri na nisingekuwa nakodi shamba. Karatasi ilikuwa ya kutusaidia tujue tufanye nini siku ile, kabla ya woga kutuingia ao tamaa kutuingia. Kikundi kizima kilinyoosha mikono kikakubali. Sekretere aliandika ndani ya kitabu cha kikundi: tutafuata karatasi, njia zote mbili.

Kosa langu nalisema mwenyewe kabla hawajalisema wao. Njia ya pili niliiweka nyuma ili nisipoteze karatasi. Kaye ilikuwa inaisha. Nilimrahisishia mtu kazi ya kutoigeuza.

Majuma ya kwanza nilisoma mimi mwenyewe, pande zote mbili. Mama mmoja anayeuza maziwa, rafiki yangu mkubwa ingawa ananizidi miaka ishirini, alikuwa anatania: "Haya, tuambie mbinguni na jehanamu." Watu walicheka, walisikiliza, walirudia zile namba wakitoka. Kisha nikajifungua. Kwetu Kalembe, nilikozaliwa, na hapa nilipoolewa, ni mamoja: mzazi anakaa ndani. Basi mume wangu akaendelea kuleta bei, mimi nikaendelea kuandika, na Prezida akawa anapita mwenyewe kuchukua karatasi. Alikuwa anasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Aksanti sana, mama. Uko na kichwa."

Juma la kwanza la uzazi niliandika elfu mbili na mia mbili na hamsini. Katikati tu, hakuna la kufanya. Juma la pili kamio hazikupanda. Vita ilikuwa imesogea tena upande wa barabara, na kila mtu anajua maana yake: Goma maharagi yanakosekana, yanapanda bei, na sisi tunaoyalima yanatukalia nyumbani, yanashuka. Watu wa mbali hufikiri barabara ikifungwa kila kitu kinakuwa ghali kila mahali. Inategemea uko upande gani wa bariyeri. Bei ilifunga elfu moja na mia tisa na hamsini. Chini ya sakafu, mara moja. Juma la tatu, elfu moja na mia nane na hamsini. Mara mbili. Sakafu ilikuwa imevunjika, maana wenye maharagi walikuwa wanataka kukimbia na pesa mkononi, hawakuwa tena na nguvu ya kukasirika na kurudi nayo nyumbani. Nyuma ya karatasi niliandika kwa herufi kubwa: TUUZE NUSU JUMA HILI. Nikapiga mstari chini yake.

Nilikuwa na haraka yangu pia, siifichi. Shamba ninalolima si langu. Ni kipande cha mteremko juu ya mto, udongo mweusi, nilikilima misimu miwili na ninajua kila jiwe lake. Mwenye shamba alitaka pesa ya msimu kabla ya kupanda. Nilimtumia habari: baba, ngoja juma moja, kikundi kinauza nusu. Akasema sawa, juma moja.

Juma la nne Prezida alipokuja kuchukua karatasi, nilimuuliza, "Papa, mmeuza?"

"Tunashughulika, mama. Wewe tunza mutoto."

Jioni ile ile mama wa maziwa alikuja kuniona na chupa ya maziwa mabichi. Akakaa, akamshika mtoto, akasema, "Haya tajiri, usitusahau. Plafo imetoboka."

"Plafo gani imetoboka?"

"Ya kwako. Prezida alisema tangu juma la kwanza. Elfu mbili na mia saba. Alisema wewe ulikosea kidogo kwa sababu ya uzazi, yeye aliona kwa macho yake Kirolirwe. Kwa hiyo tunashika. Bei za chini za sasa anasema ni za muda, kamio zimechelewa tu. Goma iko elfu tatu na mia tano."

"Na njia ya pili? Hamkuuza nusu?"

Akanitazama. "Njia ya pili aliitoa, dada. Tulifikiri ni wewe ulisema haiko tena."

Bei ya siku ile ilikuwa elfu moja na mia sita. Nilimchukua mtoto mikononi mwake, nikamwonyesha bei ndani ya kaye. Kesho yake, kabla ya siku zangu za ndani kuisha, nilienda kanisani. Mama mkwe alisema watu watasema. Nikamwambia waseme.

Sasa nimesimama katikati, mtoto nimemfunga mgongoni, karatasi mkononi. Niliigeuza nikasoma upande wa nyuma, wote, tangu neno la kwanza. Na kwa kuwa sekretere alikuwa amezitunza za majuma yaliyopita ndani ya kitabu, nikamwambia azitoe, nikasoma nyuma ya kila moja. Zile herufi kubwa zenye mstari chini nilizisoma mara mbili.

"Hii iliandikwa juma lililopita," nikasema. "Siku hiyo Kirolirwe walikuwa bado wanalipa elfu moja na mia nane na hamsini. Leo ni elfu moja na mia sita. Nani alisikia ikisomwa?"

Hakuna mkono ulioinuka.

Prezida alisimama polepole. Lazima niseme haki yake: hakupiga kelele. Aliongea vile vile anavyofundisha watu wa ubatizo mle kanisani. "Wamama, wapapa. Mwenzetu iko muzazi, amechoka, tumuhurumie. Mimi niliacha ile upande kwa sababu. Karatasi inasema kamio hazitapanda. Karatasi inasema barabara. Mutu wa bunduki akiikuta mufukoni mwangu, ataniuliza: nani alikuambia barabara itafungwa? Nitamujibu nini? Nimujibu kuna mama mwenye kuzaa?"

Watu waliguna, na mimi mwenyewe niliguna ndani. Alikuwa na haki. Tumeona watu wakiulizwa maswali kwa ajili ya vitu vidogo kuliko karatasi. Hilo njo lililonikasirisha zaidi ya yote, kwamba alikuwa na sababu nzuri na aliificha kama vile ni ya kuiba. Siku nne za mlango, kofia mkononi, aksanti mama, uko na kichwa. Angesema neno moja. Ningeondoa barabara, ningeondoa kamio, ningeandika tu: bei ikifunga chini ya elfu mbili mara mbili, tuuze nusu. Hakuna mtu wa bunduki anayekamata sentensi hiyo.

Nikamwambia hivyo. Kisha nikasema, "Woga nauelewa, papa. Lakini woga haukukuambia useme elfu mbili na mia saba."

"Hiyo niliiona," akasema. "Kwa macho yangu. Mununuzi alilipa mbele yangu."

"Alipima namna gani?"

"Kwa kopo. Namna gani tena?"

"Kopo ya kukata ao kopo ya kilima?"

Mama wa maziwa alianza kucheka peke yake, ule wa tumboni, usiotoka mdomoni.

Wasiouza Kirolirwe hawajui. Kuna namna mbili za kujaza kopo. Unaweza kupitisha kijiti juu yake, ukakata maharagi sawasawa na ukingo. Hiyo ni kopo ya kukata. Ao unaweza kuyarundika mpaka yamwagike pembeni, kilima juu. Wanunuzi wakubwa wanapenda kilima, na ili ukubali wanakutajia bei nzuri inayokufurahisha masikio. Bei zangu zote, tangu kaye ya kwanza, ni za kukata. Sikuandika neno hilo juu ya kila karatasi kwa sababu nilidhani hakuna mkulima wa Masisi anayeweza kulisahau. Kosa langu la pili, liandikeni pia.

Mama mmoja alikuwa amekuja na beseni ya maharagi aliyokuwa anaipeleka kwa dada yake. Nilimwomba. Akasita, akaisogeza. Nikamwambia Prezida aje apime yeye mwenyewe ili asiseme nimemfanyia uchawi wa mkono. Hakuja. Basi alikuja mzee mmoja wa kwaya, mtu asiyependa ugomvi. Alitandika kitenge chini, akajaza kopo za kilima, tano, kila moja mpaka ikamwagika. Kisha nikampa kijiti, akayapima yale yale kwa kukata. Moja. Mbili. Watoto waliokuwa dirishani walikuwa wanahesabu pamoja naye. Tano. Sita. Yalitosha kopo sita sawasawa.

"Tano ya kilima ni sita ya kukata," mzee akasema, kana kwamba anatangaza wimbo.

"Basi elfu mbili na mia saba ya kilima ni ngapi ya kukata?" nikauliza.

Sekretere alipiga hesabu kwenye simu yake. "Elfu mbili na mia mbili na hamsini."

Ndiyo ile ile niliyoandika mimi juma la kwanza. Chini ya plafo kwa mia tatu na hamsini. Hakuna kilichotoboka. Kikundi kizima kilikuwa kimeshika magunia kwa majuma manne kwa sababu mtu mmoja alipendezwa na kilima cha maharagi na akaona aibu kuuliza.

"Mama," Prezida akasema, "unanifanya mutoto mbele ya watu."

"Mimi nakuomba tupige kura. Tuuze nusu kesho."

"Kwa elfu moja mia sita? Juzi tulikataa mia nane, leo tukubali mia sita? Barabara ikifunguka juma lijalo utatulipa wewe?"

"Tulikataa? Nani alitukatalia? Karatasi ilikuwa mufukoni mwako."

Mtu mmoja upande wa wanaume akasema, "Ni kweli, tuuze." Mwingine akasema tungoje soko moja tena. Mama wa maziwa akasema kwa sauti ya juu kwamba depo imeanza kunuka fukusi, kuna unga wa wadudu chini ya magunia, yeye ana ufunguo mmoja kati ya tatu za depo na aliuona siku ilipofunguliwa. Kelele zikaanza. Nilifikiri, sawa, sasa watanyoosha mikono.

Prezida akavua kofia. "Tuinamishe vichwa," akasema. "Tufunge na sala."

Na wakainamisha. Hilo sitalisahau. Watu waliokuwa wamefungua midomo kusema tuuze walifunga midomo na macho, kwa sababu kwetu hakuna mtu anayekatiza sala. Hata mimi. Nilisimama na kopo mkononi na mtoto mgongoni, macho wazi, nikimsikiliza akimshukuru Mungu kwa umoja wa kikundi. Aliomba muda mrefu. Aliombea barabara. Aliposema amina, benchi zikasukumwa, na mkutano ulikuwa umekwisha kwa njia ambayo huwezi kuilalamikia bila kuonekana unalalamikia maombi.

Soko lililofuata bei ilifunga elfu moja na mia tano. Tulipoanzia. Toa yale yaliyoliwa na fukusi, chini ya tulipoanzia.

Mwenye shamba alikuja mwenyewe, kwa heshima, asubuhi. Alikataa chai. Alisema, "Binti, nilingoja juma lako moja, nikaongeza lingine. Mvua haingoji. Nimempa mtu mwingine." Nikamwambia naelewa, baba. Alisema msimu ujao tutaongea. Nilimsindikiza mpaka njiani kama inavyotakiwa. Kurudi ndani nilichukua jembe nililokuwa nimelinoa nikalirudisha chini ya kitanda, na hapo njo nililia, dakika kidogo, kisha mtoto akaamka.

Mume wangu alisema tuache. Alisema yule mzee anazika watu, anabatiza, ukigombana naye utagombana na kijiji. Nilimuuliza: wewe ulishuka kila soko kuniletea bei, ulizichukua kwa nini? Baadaye akaniletea kaye mpya. Hiyo njo namna yake ya kuongea.

Regleman ya kikundi chetu, karatasi ya sheria zetu, ina kurasa tatu na nilizisoma zote. Inasema memba akiona komite haifuati uamuzi wa mkutano, anaandika malalamiko, nakala mbili, anayapeleka kwa Komite ya Udhibiti, na yule anayepokea anatia sahihi na tarehe kwenye nakala ya pili. Mkuu wa udhibiti ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilimkuta anasahihisha madaftari. Alisoma barua mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mama, mambo haya tunaweza kuyaongea kwa mdomo."

"Kwa mdomo tumeshaongea, mwalimu. Walisali."

"Ukiacha hapa, nitaongea naye polepole."

"Tia sahihi kwanza, halafu uongee naye polepole unavyotaka."

Alisema hana kalamu ya buluu. Nilikuwa nayo. Alisema atatia kesho. Nikakaa kwenye benchi la watoto, magoti yakifika karibu na kidevu, nikamnyonyesha mtoto upande mmoja, nikamgeuza upande wa pili. Wanafunzi walirudi kutoka mapumziko, wakanitazama, wakaanza kunong'onezana. Aliandika tarehe. Akatia sahihi. Nakala yangu nimeiweka ndani ya kaye mpya, ukurasa wa kwanza, na maneno yake ni haya:

"Kwa Komite ya Udhibiti ya kikundi chetu cha akiba, Nyamitaba.

Kuhusu: karatasi ya soko kusomwa nusu, na magunia kushikiliwa kinyume cha uamuzi wa mkutano.

Mimi, memba nambari kumi na saba, nalalamika hivi.

Mkutano ulikubali, na kitabu kinaonyesha, kwamba tutafuata karatasi ya soko katika njia zake zote mbili. Kwa majuma manne Prezida alisoma njia ya kwanza tu. Ya pili hakuisoma, na hakuwaambia wanachama wala mimi ninayeiandika kwamba haisomi.

Bei ya elfu mbili na mia saba aliyotangaza ilikuwa ya kopo ya kilima. Sakafu na plafo zetu ni za kopo ya kukata. Plafo haikuvukwa hata siku moja. Sakafu ilivunjika masoko mawili yanayofuatana, na nusu ya magunia ilipaswa kuuzwa juma lile. Haikuuzwa.

Sababu ya usalama aliyotoa naikubali. Ninaomba iheshimiwe kwa kuandika namba peke yake, bila kutaja barabara wala kamio. Ninakubali pia kwamba mimi niliweka njia ya pili nyuma ya karatasi na sikuandika namna ya kupima. Yote mawili nimeyarekebisha kuanzia juma hili.

Ninaomba mambo manne. Mkutano wa dharura uitwe ndani ya siku saba, na kura ipigwe kabla ya sala ya kufunga. Depo ifunguliwe kwa funguo zote tatu, mbele ya wanachama, ili tuone fukusi wamekula kiasi gani. Nusu ya magunia yaliyo mazima iuzwe kwa bei ya soko, hata kama ni ndogo. Na karatasi isomwe na mtu ambaye si memba wa komite, yote, kwa sauti.

Siombi shamba langu. Limekwisha kupandwa na mwingine.

Nakala ya kwanza kwenu, ya pili kwangu."